Kodi ya Juni: kutenga gharama za kuanzia na za uendeshaji

Wengi wetu tukiambiwa tuandike mpango wa biashara, iwe kwa ajili ya somo au kwa jambo tunalotaka kulifanya kweli, tunakimbilia ile sehemu ya fedha yenye jedwali la faida. Mimi na wenzangu wawili tulifanya hivyo tulipotaka kufungua duka dogo la fotokopi hapa Kampala, hatua chache kutoka lango la chuo. Nitawaeleza orodha yetu ya kwanza ilivyokuwa, kwa sababu kosa lililokuwemo halikuonekana kwa macho, na hesabu zote zilijumlika sawasawa.

Tulikuwa na shilingi 7,000,000 baina yetu watatu. Tulizunguka Wandegeya na Nasser Road tukiuliza bei, tukarudi na daftari limejaa. Mashine ya fotokopi iliyokwisha kutumika 2,800,000. Kompyuta ya mezani 700,000. Mashine ya kutoboa na kufunga spirali 250,000. Meza, rafu, nyaya za umeme, rangi na kibao vyote pamoja 650,000. Kusajili jina la biashara tulitenga 50,000. Mwenye chumba alitaka kodi ya miezi mitatu mbele, yaani 900,000, na juu yake amana ya 300,000. Leseni ya mwaka tulitenga 240,000. Rimu ishirini za karatasi 400,000, tona chupa mbili 160,000, spirali na majalada 100,000, umeme wa kulipia kabla 100,000.

Jumla 6,650,000. Zikabaki 350,000, tukasema hiyo ni akiba, tufungue mwezi wa Machi.

Kabla ya kulipa chochote nilimpelekea orodha hiyo kaka mmoja aliyemaliza chuo miaka ya nyuma na ambaye ana duka la namna hiyo. Aliisoma mara moja, akaniuliza, “Mdogo wangu, Juni mtalipa kodi kwa pesa gani?” Nikamwambia kodi tumekwisha kuiweka, ipo pale. Akasema, “Ile ni ya Machi, Aprili na Mei. Mimi nauliza Juni. Halafu nani atakaa dukani ninyi mkiwa darasani?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba orodha yetu ilikuwa inajibu swali moja tu: tunahitaji pesa ngapi siku ya kufungua mlango? Haikusema lolote kuhusu pesa za kuufanya mlango ubaki wazi. Tulikuwa tumechanganya vitu viwili katika safu moja, na kwa kuwa vilichanganyika, kila kitu kilionekana kana kwamba kinalipwa mara moja na kwisha.

Kaka yule alinifundisha kuchukua karatasi mpya na kupiga mstari katikati. Upande wa kulia gharama za kuanzia, upande wa kushoto gharama za uendeshaji. Kisha kila kilichokuwa katika orodha ya zamani ukihoji kwa swali moja: duka likiendelea, nitakilipia hiki tena, na baada ya muda gani? Kama jibu ni hapana, au ni baada ya miaka, kinakwenda kulia. Kama jibu ni ndiyo, kinakwenda kushoto, na pembeni yake unaandika ni kila siku, kila mwezi, au kila mwaka.

Vingi havisumbui. Mashine, meza, kibao na usajili wa jina vilikwenda kulia bila ubishi. Umeme ukaenda kushoto. Vilivyotusumbua ni vinne, na naona ndivyo vinavyowasumbua wengi, kwa hiyo nivieleze kimoja kimoja.

Cha kwanza ni pesa ya chumba. Tulikuwa tumeiona kama kitu kimoja cha 1,200,000 kwa kuwa inatoka mkononi siku moja kwenda kwa mtu mmoja. Kumbe ndani yake mna vitu viwili visivyofanana. Amana ya 300,000 ni ya kuanzia, tena kwa haki yake si gharama kabisa, kwa kuwa ukihama bila kuharibu kitu unarudishiwa. Ni pesa yako iliyolala kwa mwingine. Lakini ile 900,000 ni kodi ya kila mwezi iliyolipwa mapema. Inakwenda kushoto kama 300,000 kwa mwezi, na pembeni unaandika kwamba hulipwa kila baada ya miezi mitatu. Jihadhari usiiandike pande zote mbili. Nimeona mwenzetu mmoja wa darasa akiiweka kodi hiyo kulia kama malipo ya kwanza, kisha kushoto akaanza kuihesabu tena kuanzia mwezi wa kwanza, na mpango wake ukaonekana wa hasara wakati haukuwa hivyo.

Cha pili ni leseni. Inalipwa kabla ya kufungua, ndiyo maana inajificha miongoni mwa vitu vya kuanzia, lakini mwakani inarudi. Tuliigawa kwa kumi na mbili, tukapata 20,000 kwa mwezi. Kusajili jina ni jambo jingine na lilibaki kulia, ingawa kwa mazoea watu huviweka pamoja kwa kuwa vyote ni karatasi za serikali.

Cha tatu ni karatasi na tona. Rimu ishirini za mwanzo ni za kuanzia, kwa sababu duka haliwezi kufunguliwa rafu zikiwa tupu. Lakini kila karatasi inayotoka lazima nyingine inunuliwe. Na hapa kuna tofauti nyingine: kodi ni ileile upige nakala moja au elfu kumi, ilhali karatasi inafuata wingi wa kazi. Kwa hiyo haifai kuiandika kwa mwezi, iandike kwa ukurasa. Rimu moja ya 20,000 ina karatasi 500, basi karatasi moja ni shilingi 40. Chupa ya tona ya 80,000 tuliikadiria itoe kurasa 8,000, yaani shilingi 10 kwa ukurasa. Gharama ya ukurasa mmoja ikawa 50. Bei yetu ilikuwa 100, kwa hiyo kila ukurasa unaacha 50.

Cha nne ni mashine yenyewe. Ni ya kuanzia, hakuna ubishi, lakini mashine iliyotumika ina dramu na rola zinazochakaa, na siku zitakapokwisha fundi hatasubiri muhula uishe. Tukaweka kushoto 100,000 kila mwezi kwa matengenezo, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika.

Halafu tukaongeza vile ambavyo orodha ya kwanza haikuwa navyo kabisa. Msichana wa kukaa dukani, 250,000 kwa mwezi. Bando la intaneti, 30,000. Ukijumlisha kodi, msaidizi, umeme, leseni, bando na matengenezo, upande wa kushoto ulisoma 800,000 kwa mwezi, kabla ya karatasi hata moja.

Sasa gawanya 800,000 kwa zile 50 zinazobaki katika kila ukurasa. Ni kurasa 16,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni kama 615 kila siku, na hapo hujapata faida hata senti. Tulinyamaza wote watatu. Mmoja wetu alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba kurasa mia tatu kwa siku ni biashara nzuri.

Tukaona tujaribu na hizo mia tatu zake, tuseme kurasa 8,000 kwa mwezi, ambazo zinaacha 400,000. Tukafuata pesa mwezi baada ya mwezi kwa orodha ile ya kwanza. Machi, Aprili na Mei hakuna kodi ya kulipa, kwa hiyo mzigo wa mwezi ni 500,000 tu. Machi umeme umekwisha kulipwa, tunatoka sawa. Aprili tunapungukiwa 100,000. Mei vilevile. Mwisho wa Mei katika ile akiba ya 350,000 zimebaki 150,000, na duka linaonekana linakwenda. Hakuna mtu angekuwa na wasiwasi. Kisha unaingia Juni, mwenye chumba anadai 900,000 kwa mpigo, na wanafunzi wamekwenda kwao likizo ndefu. Hata tungevunja akiba ya matengenezo na ya leseni, tungekuwa na 510,000.

Ndiyo sababu nasema kosa hili halionekani. Kwa miezi mitatu vitabu vingetupongeza.

Tulibadilisha mambo matatu. Kompyuta hatukununua, mmoja wetu akatoa ya kwake. Mwenye chumba, baada ya mazungumzo marefu, alikubali kodi ya mwezi mmoja mmoja mradi amana ibaki. Na ufunguzi tukausogeza hadi Agosti, muhula unapoanza. Pesa za siku ya kwanza zikashuka hadi 5,350,000, zikabaki 1,650,000. Kwa kurasa zilezile 8,000, Agosti tunatoka sawa, kisha tunapungukiwa 400,000 kila mwezi, na pesa zinatuvusha hadi mwisho wa Desemba. Hiyo ni miezi mitano ya kupata wateja, na ndani yake mna wiki za kukabidhi ripoti ambapo kufunga spirali kunalipa kuliko nakala.

Ile kompyuta ilileta swali ambalo sisi tunaoanzisha biashara kwa musharaka tusilipuuze. Hatukutoa pesa kwa ajili yake, lakini ni mali iliyoingia dukani. Kama ni mtaji, iandikwe kulia kwa thamani ya siku hiyo na iongezwe katika hisa ya mwenyewe, kwa sababu hasara katika musharaka hubebwa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Kama ameiazima tu, inabaki yake na ikiharibika maneno ni mengine. Sisi tuliiandika mtaji, 600,000, na wote watatu tukatia sahihi. Gharama za upande wa kushoto nazo hutolewa kwanza katika mapato, na kinachobaki ndicho kinachoitwa faida ya kugawana. Ukiwa umechanganya pande mbili, utagawana pesa ya kodi ukidhani ni faida.

Baada ya hapo kuandika sehemu ya fedha kulituchukua jioni moja. Upande wa kulia ukawa jedwali la mtaji wa kuanzia, pamoja na nani katoa nini. Upande wa kushoto ukawa gharama za mwezi katika jedwali la faida na hasara, ambamo kodi ni 300,000 kila mwezi na leseni 20,000. Katika jedwali la mtiririko wa pesa leseni ileile inaonekana mara moja, 240,000 mwezi wa Agosti, kwa sababu pale tunaandika siku pesa inapotoka mfukoni. Mwalimu aliyekagua mpango wetu aliuliza mbona namba hizo mbili hazilingani. Tulimwonyesha karatasi yenye mstari katikati.