NETI YA DAWA AU WAVU WA DIRISHA: KIPI KITANGULIE?

Msomaji, huenda umekwisha kuuza mpunga wako na umebaki na fedha kidogo ya kutengeneza nyumba. Watoto wameugua malaria mara mbili tangu mvua zianze, na fundi amekushauri kufunga wavu wa waya madirishani. Je, ununue wavu huo, au kwanza utafute neti za dawa za kulalia? Katika somo hili tutatazama nyumba moja kama zile zilizo katika uwanda wa Ahero, karibu na mashamba ya mpunga, tuipime kwa futikamba, kisha tuamue.

Kwanza yafaa kujua desturi za adui. Mbu aletaye malaria ni jike wa aina iitwayo anofelesi. Akitua ukutani huinua mkia juu na kichwa huelekea chini, kama msumari uliopigwa kwa mshazari. Huzaliana katika maji yaliyotulia yenye kupata jua, na shamba la mpunga lililofurika ni mahali pake hasa. Huuma usiku, na wengi wao huuma sana kuanzia kama saa nne hadi kukaribia alfajiri, wakati watu wamelala. Neno hilo ulikumbuke, maana ndilo litakalotupa jibu.

Nyumba ipimwe

Tuchukue nyumba yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Kuta ni za udongo, paa ni la mabati lenye miteremko minne, na madirisha ni manne, kila moja sentimita 60 kwa 90. Ukizidisha, dirisha moja lina eneo la mita za mraba 0.54. Yote manne ni mita za mraba 2.16.

Sasa inua macho utazame pale ukuta unapokutana na paa. Fundi ameacha mwanya wa sentimita 15 kuizunguka nyumba yote, ili hewa ipite na moshi utoke. Mzunguko wa nyumba ni mita 20. Zidisha kwa 0.15, utapata mita za mraba 3. Basi mwanya huo peke yake ni mkubwa kuliko madirisha yote yakijumlishwa! Tena anofelesi hupenda mno kuingilia hapo juu. Akigonga ukuta hupanda nao mpaka apate upenyo, kisha huingia ndani.

Mtu aliyefunga waya madirishani tu, akaacha mwanya wa juu, ni kama mtu aliyefunga lango la zizi na kuacha ua umebomoka. Atatumia fedha zake, na asubuhi atawakuta mbu ukutani wamejaa damu.

Neti hufanya kazi gani?

Neti ya dawa haiulizi nyumba imejengwaje. Humlinda aliyelala chini yake, hata kama mwanya uko wazi na mlango umevunjika. Zaidi ya hayo, dawa iliyomo katika nyuzi zake, ambayo ni ndugu wa pareto tunayolima nchini ila imetengenezwa viwandani, huua mbu anayeigusa. Katika majaribio makubwa yaliyofanywa Asembo na Gem, Nyanza, katika miaka ya 1990, vifo vya watoto wadogo vilipungua. Hata nyumba zisizokuwa na neti, zilizo umbali usiozidi mita 300 kutoka zilizo nazo, zilipata nafuu, kwa sababu mbu wa eneo zima walipungua. Wavu wa waya usio na dawa humzuia mbu tu, akaenda zake kwa jirani.

Lakini neti ina mipaka yake. Haikulindi ukiwa umeketi ukumbini saa mbili ya usiku. Dawa yake hutarajiwa kudumu kama miaka 3, na hupungua kwa kufuliwa mara nyingi. Tena mahali pengi magharibi ya Kenya mbu wameizoea dawa ya kawaida. Kwa hiyo siku hizi ziko neti zilizotiwa kitu cha pili kinachovunja ukaidi huo. Ukipewa hizo usizikatae.

Kuhesabu na kutunza

Usihesabu watu tu, hesabu mahali pa kulala. Katika nyumba yetu wamo wanane: baba, mama na mtoto mchanga kitanda kimoja; watoto wawili kitanda cha pili; wawili wengine mkekani ukumbini; na bibi katika kitanda chake. Hapo zatakiwa neti nne. Wanaosahauliwa ni wale wa mkekani. Wapigie misumari minne ukutani, neti ifungwe kwa kamba jioni na kukunjwa asubuhi, na pindo lake lipenyezwe chini ya mkeka pande zote.

Neti mpya itundikwe kivulini siku moja kabla ya kulaliwa. Ifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, wala si dawa ya kung'arishia nguo, na ianikwe kivulini, kwa kuwa jua huharibu dawa. Usiifue mtoni wala bwawani, maana dawa hiyo huua samaki. Ukikuta mbu mwenye tumbo jekundu ndani ya neti asubuhi, tafuta tundu ulishone, au uone pindo lilikoachia.

Waya ufuate

Je, wavu wa waya ni kazi bure? La. Katika majaribio ya Gambia yaliyotangazwa mwaka 2009, nyumba zilizofungwa madirisha, milango na mianya ya juu ziliingiwa na mbu pungufu kwa zaidi ya nusu, na watoto waliopungukiwa damu walikuwa wachache. Lakini ona kwamba mbu wengine waliingia bado. Waya ni mwenzi wa neti, si badala yake.

Basi ukipata fedha tena, anza juu. Ziba mwanya kwa waya wenye matundu madogo, yasiyozidi milimita moja na nusu, ili hewa iendelee kupita. Ukiuziba kwa udongo mtupu, nyumba ya mabati itakuwa na joto, na watu wataitupa neti usiku wa manane. Tena katika nyumba iliyozibwa usilale kamwe na jiko la makaa, maana hewa yake huua bila harufu. Baada ya mwanya fuata milango, kisha madirisha.

Kuijaribu kazi ya fundi ni rahisi. Ingia ndani mchana, funga milango na madirisha yote, ukae gizani kidogo. Kila unapoona mwanga ukipenya pasipo waya, hapo ndipo mbu atakapopita.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: neti kwa kila mahali pa kulala kwanza, mwanya wa juu pili, mlango tatu, dirisha mwisho. Kabla ya kununua neti uliza zahanati. Kina mama wajawazito na watoto wachanga katika sehemu zenye malaria nyingi hupewa bila malipo, na fedha uliyookoa itatosha kuanza kununua waya wa juu.