Mgonjwa wa Selimundu na Saumu

Ndugu zangu wauguzi, Ramadhani iliyopita nilimpokea wodini msichana wa miaka 14 mwenye selimundu, akilia miguu na mgongo. Alikuwa amefunga siku 3. Mwili ukipungukiwa maji, chembe nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo; ndipo maumivu yanapoanza.

Nilimwuliza maumivu yake ni mangapi kati ya 10. Akasema 9. Nilimpa morfini kama daktari alivyoandika, nikamnywesha maji, na baada ya nusu saa nikamwuliza tena: 5. Kabla ya kila dozi nilihesabu pumzi zake, kwa sababu morfini ikizidi huzipunguza.

Mama yake alisema, "Hakutaka kuachwa na wenzake, mwanangu." Nikamjibu, "Mama, ruhusa ya mgonjwa imo katika Al-Baqara, aya ya 185. Kuhusu kulipa au fidia, mwulizeni shekhe." Kisha nikamfundisha dalili za kumrudisha hospitali mara moja: homa ya 38.5 au zaidi, kifua kubana, na uvimbe chini ya mbavu za kushoto, lilipo wengu. Nikamwomba anirudishie kwa maneno yake. Homa aliisahau, tukarudia.