Kibao cha Usalama: Kufupisha Maneno Bila Kuficha Hatari

Kibao cha usalama husomwa na mtu aliyesimama, mwenye haraka, ambaye mara nyingi mkono wake umekwisha kuanza kazi. Kwa sababu hiyo, kukiandika ni tofauti na kuandika barua au kanuni. Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga mahindi. Ndani ya kifuniko chake mna nyundo za chuma zinazozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na chekeche inayopitisha unga. Chekeche ikiziba, msagaji hulazimika kufungua kifuniko. Tuseme ukutani pameandikwa hivi:

WAFANYAKAZI NA WATEJA WOTE MNAARIFIWA KWAMBA, KWA SABABU ZA USALAMA, HAIRUHUSIWI KWA MTU YEYOTE KUFUNGUA KIFUNIKO CHA MASHINE HII KWA AJILI YA KUBADILISHA CHEKECHE AU KUONDOA NAFAKA ILIYOKWAMA KABLA HAJAHAKIKISHA KWAMBA MASHINE IMEZIMWA NA SEHEMU ZOTE ZINAZOZUNGUKA ZIMESIMAMA KABISA.

Hakuna kosa la sarufi katika maneno hayo 39. Kasoro yake ni muda. Jicho linaposoma haliteleze mfululizo juu ya mstari, bali huruka na kutua. Kila kituo huchukua kiasi cha robo ya sekunde, na kutoka kituo kimoja hadi kingine jicho huruka takriban herufi nane. Kibao hiki kina herufi 240 hivi, yaani vituo 30, au sekunde saba na nusu. Zaidi ya hayo, jambo la kufanya limewekwa mwishoni kabisa. Atakayeacha kusoma katikati hatalifikia.

Hatua ya kwanza ya kufupisha ni kuuliza: msomaji anajua nini tayari? Anajua kwamba ni yeye anayeambiwa, kwamba mashine ni hii iliyo mbele yake, na kwamba anafungua kwa sababu chekeche imeziba. Yote hayo yafutwe. Hatua ya pili ni kugeuza katazo kuwa amri. “Hairuhusiwi kufungua kabla hajahakikisha” humlazimu mtu apindue sentensi kichwani ili apate tendo. “Zima” humpa tendo lenyewe.

Hapa wengi huishia na maneno haya: ZIMA KABLA YA KUFUNGUA. Ni mafupi, lakini ni ya hatari. Umeme ukikatwa, nyundo haziachi kuzunguka papo hapo. Uzito na mwendo wake huziendesha kwa muda, huku mngurumo wa mota ukiwa umekwisha kupungua. Mtu anayekitii kibao hicho neno kwa neno atazima, atafungua mara moja, na kuingiza mkono penye chuma kinachozunguka. Kilichofutwa ndicho asichoweza kukiona. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi hii: futa anachokijua msomaji, bakiza kilichofichika kwake. Kwa hiyo kibao kiwe hivi, kila tendo katika mstari wake, kwa utaratibu wa kutenda:

ZIMA MASHINE
SUBIRI NYUNDO ZISIMAME
NDIPO UFUNGUE

Sasa yamebaki maneno saba na herufi 43, ambazo jicho huzipitia kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Ubao ni uleule, na nafasi iliyopatikana hutumika kukuza herufi. Kipimo kinachotumiwa sana ni herufi yenye urefu wa milimita 25 kwa kila mita 7.5 za umbali, penye mwanga mzuri. Kwa msomaji aliye mita 3, hiyo ni milimita 10, lakini katika chumba chenye vumbi na mwanga hafifu afadhali ziwe 20 au zaidi.

Kiswahili nacho kina mtego wake. FUNGA na FUNGUA ni amri zinazopingana, na tofauti yake ni herufi moja tu. Rangi ya U ikibanduka, amri hugeuka kinyume. Kwenye koki au vali, neno moja kati ya hayo lisiachwe peke yake: liongezewe mshale unaoonyesha upande wa kuzungushia.

Kibao kilichokamilika kijaribiwe. Mwonyeshe mtu asiyekijua kwa sekunde mbili, kifunike, kisha umwulize: “Utafanya nini kwanza? Na baada ya hapo?” Akisahau kusubiri, kibao hakijafaa, hata kama ni kifupi.

Zoezi: Fupisha onyo hili la chumba cha maabara, kisha eleza neno gani hukuthubutu kulifuta, na kwa nini: “Wanafunzi wanakumbushwa kwamba si vema kumimina maji ndani ya asidi kali, bali inapasa asidi ndiyo imiminwe ndani ya maji, tena polepole.”