Mchezo wa Roboti: Somo la Usimbaji Bila Kompyuta

Umilisi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi saba za msingi katika mtaala wa CBC. Mwalimu wa chekechea ambaye darasa lake halina tabuleti anaweza kuanza kuufundisha kwa chaki, katoni kuukuu na watoto wenyewe. Katika mchezo huu, mtoto mmoja anakuwa roboti na wenzake wanamwongoza kwa amri, hatua moja baada ya nyingine. Somo linafaa PP2. Kwa PP1, tumia mstari mmoja wa miraba na amri ya kwenda mbele pekee, kwa sababu kulia na kushoto bado huwachanganya.

Matayarisho

Chora sakafuni miraba 16, minne kwa minne, kila upande wa mraba sentimita 50 ili mtoto aweze kusimama ndani na kugeuka. Nje ya darasa, chora kwa kijiti kwenye udongo. Kwa kumbukumbu yako, ipe safu majina A hadi D kutoka kushoto, na mistari 1 hadi 4 kuelekea ubao.

Kata kadi za katoni na uchore mishale, maana wengi hawajajua kusoma. Amri ni nne tu: MBELE (mraba mmoja), GEUKA KULIA, GEUKA KUSHOTO na OKOTA. Sisitiza kwamba kugeuka ni kubadilisha uso tu. Miguu inabaki katika mraba uleule.

Gawa watoto katika makundi ya wanne: wawili wa kupanga kadi, msomaji na roboti. Mfunge roboti uzi kwenye mkono wa kulia.

Mfano

Roboti anasimama A1 akitazama ubao. Mpira wa karatasi uko C3. Ndoo imewekwa A3, kwa hivyo njia hiyo imefungwa. Wapangaji wanapanga kadi zote kabla roboti hajasogea:

1. MBELE (anafika A2)
2. GEUKA KULIA
3. MBELE (B2)
4. MBELE (C2)
5. GEUKA KUSHOTO (anatazama ubao tena)
6. MBELE (C3)
7. OKOTA

Msomaji anataja kadi moja moja na roboti anatii. Shida ya kwanza utakayoiona ni roboti mwenye huruma: anauona mpira na kuufuata hata kama kadi imekosewa. Akifanya hivyo, mrudishe A1 muanze upya. Kompyuta haijui ulichokusudia, hufuata ulichoiamuru.

Kosa linajionyesha mahali roboti alipoishia

Makundi mengi hayatapata mpira mara ya kwanza. Usiwaonyeshe jibu. Tazama roboti amesimama wapi.

Akiishia D2, wapangaji wamesahau kadi ya tano. Roboti alikuwa bado anatazama upande wa D, basi MBELE ikampeleka huko badala ya kumpeleka C3.

Akiishia B2, huenda wamehesabu kugeuka kuwa ni hatua. Walipanga MBELE, GEUKA KULIA, MBELE, GEUKA KUSHOTO, OKOTA, wakidhani kila kugeuka kunamsogeza mraba mmoja. Mwambie mpangaji asimame kwenye mraba na ageuke mwenyewe, kisha aangalie miguu yake.

Akitoka nje ya miraba upande wa A, wapangaji walikuwa wameketi wakimtazama usoni, wakatumia kushoto kwao badala ya kulia kwa roboti. Wahamishie nyuma yake, au waelekeze watazame ule uzi mkononi.

Baada ya hapo, rudieni kadi tangu mwanzo. Kabla ya kila kadi uliza: "Roboti atakuwa wapi? Atatazama wapi?" Kadi ya kwanza ambapo jibu lao halilingani na anachofanya roboti ndiyo yenye kosa. Warekebishe hiyo peke yake, kisha wajaribu tena. Wakibomoa mpango wote, hawatajua ni nini kilichokosewa.

Kupima uelewa

Kundi likifaulu, hamisha ndoo hadi B2, huku mpira ukibaki C3. Kundi lililokariri kadi saba litagonga ndoo. Kundi lililoelewa litatafuta njia nyingine, kwa mfano kupanda hadi A3 ndipo ligeuke kulia: MBELE, MBELE, GEUKA KULIA, MBELE, MBELE, OKOTA. Hizo ni kadi sita, moja pungufu ya zile za awali. Waulize kwa nini. Anayejibu kwamba safari hii roboti amegeuka mara moja tu, ameshika somo.