Webina Siyo Redio: Chati na Vyumba Vidogo Vinavyotumika

Ukifungua chati ya webina nyingi tunazojiunga hapa chuoni, utakuta vitu vitatu: "hatusikii", "naomba slaidi" na "asante kwa mada nzuri". Watu mia wamekaa pamoja saa mbili, na wanatoka bila kujuana hata mmoja. Bando limeisha, na hakuna mtu mpya uliyempata.

Kwanza ujue umeingia wapi. Kwenye Zoom kuna Webinar na kuna Meeting, na ni vitu viwili tofauti. Kwenye Webinar, mhudhuriaji haoni orodha ya wahudhuriaji wenzake, hawezi kumwandikia mmoja wao kwa faragha, na vyumba vidogo havipo. Njia yako kuu ya kuonekana na wenzako ni chati ya wote, kama mwenyeji ameiruhusu. Kwenye Meeting unaona majina, na mwenyeji akiruhusu unaweza kumwandikia mtu mmoja mmoja, na anaweza kuwagawa kwenye Breakout Rooms. Ukiona orodha ya majina ya watu wote, jua upo kwenye Meeting.

Kabla hujaandika lolote, badilisha jina. "Galaxy A12" hakuna atakayeikumbuka. Kwenye Meeting, bonyeza Rename kwenye jina lako, uandike kitu kama "Neema, Elimu mwaka wa 2, Kemia". Kisha tazama juu ya kisanduku cha kuandikia: ujumbe unakwenda kwa nani? Kwenye Webinar, mara nyingi umeelekezwa kwa waandaaji na watoa mada tu. Usipochagua Everyone, unaandika kwa watu watano huku ukidhani mia wanasoma.

Sasa uandike nini? Tuseme ni kongamano la walimu wa sayansi, na wewe unakwenda fildi. Ukiandika "Habari, mimi ni mwanachuo, naomba tuunganishwe", watu watapita tu, maana hawajui wakusaidie nini. Andika hivi: "Naenda fildi, Kemia kidato cha tatu, shule haina maabara. Kuna aliyewahi kufundisha titresheni bila bureti?" Swali hilo mtu mwenye uzoefu analijibu kwa mstari mmoja: "Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lina alama za mililita." Mwingine anaongeza kwamba maji ya choya yanafaa kuonyesha tindikali na besi: mekundu kwenye tindikali, ya kijani kwenye besi. Hao wawili ndio watu wako. Andika majina yao kwenye daftari papo hapo.

Kuna jambo wengi hawalijui: kwa kawaida anayeingia amechelewa haoni chati iliyoandikwa kabla hajaingia. Na sisi tunajijua, nusu ya watu huingia dakika ya ishirini. Kwa hiyo swali lako lirudie mara moja, mtoa mada anapomaliza. Mara moja tu, tafadhali. Ukirudia mara nne unakuwa tangazo.

Vyumba vidogo ndipo wengi hukimbia. Kidirisha kinatokea, mtu habonyezi Join, au anaingia, anazima maiki na kamera na kusubiri. Hesabu inabana: mmepewa dakika 10, mko watano, moja inaisha watu wakiingia. Zinabaki kama dakika mbili kwa kila mtu kabla hata hamjagusa swali mlilopewa. Kukiwa kimya, anza wewe: "Habarini wote. Tuseme majina na tunapofundisha, sekunde ishirini kila mmoja, halafu mwalimu wa Kigoma aanze." Kumtaja mtu ni muhimu, maana ukisema "nani aanze?" kimya kinarudi. Kamera si lazima kama bando ni dogo, ila maiki iwashe.

Chati ya chumba kidogo inaonwa na waliomo humo tu, kwa hiyo hapo ni mahali pazuri zaidi pa kubadilishana mawasiliano kuliko mbele ya watu mia. Lakini fanyeni mapema. Mwenyeji akifunga vyumba, kwa kawaida zinahesabiwa sekunde 60 kisha mnarudishwa wote, hata kama mtu yupo katikati ya sentensi. Mtandao ukikata na ukarudi ukajikuta ukumbi mkubwa, mwombe mwenyeji akurudishe chumbani kwako.

Kabla kikao hakijafungwa, hifadhi chati. Kwenye kompyuta bonyeza vidoti vitatu, halafu Save chat, kama mwenyeji hajaizuia. Kwenye simu, piga picha ya skrini. Kisha siku hiyohiyo mwandikie yule wa bomba la sindano: "Shikamoo mwalimu, mimi ni Neema niliyeuliza kuhusu bureti. Je, bomba la mililita ngapi linakufaa zaidi?" Swali moja, la kujibika akiwa kwenye daladala. Ukimtumia barua ndefu yenye CV, atasema ataisoma baadaye, na baadaye yenyewe tunaijua.