Dokezo la Lugha Mbili na Jinsi ya Kulifupisha

Karatasi inayotoka Namanyere kwenda Wampembe mara nyingi husomwa na watu wachache sana. Mtendaji wa kijiji huisoma, mwenyekiti wa BMU huisoma, pengine na mwalimu mmoja aliyeombwa kusaidia pale penye Kiingereza kigumu. Wengine wote, kuanzia mwenye mtumbwi hadi mama anayeanika dagaa mwaloni, hupata muhtasari tu, ama wa mdomo ama wa ujumbe wa simu. Muhtasari ukikosea, hakuna atakayekwenda kulinganisha na karatasi yenyewe.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Habari ya namna hiyo huandamana na madokezo na barua, na waandishi wake, kama ilivyo kawaida ya ofisi zetu, huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika ukurasa mmoja. Nimetunga dokezo la mfano la wakati huo ili tulifanyie kazi. Tarehe za kufungwa kwa ziwa ni za kweli, lakini maagizo mengine yote ni ya kubuni.

Dokezo letu linaanza kwa Kiswahili: uvuvi unasimama 15 Mei hadi 15 Agosti, ofisi inatambua ugumu wa kipindi hiki kwa familia zinazotegemea ziwa, na inashukuru kwa ushirikiano. Aya ya pili inaingia kwenye Kiingereza na kusema kwamba orodha ya vyombo vya uvuvi, ikiwa na sahihi ya mtendaji na ya mwenyekiti wa BMU, ni lazima iwasilishwe Ijumaa 10 Mei saa 10:00. Aya ya tatu inarudi kwenye Kiswahili: “Mnaombwa kuwahimiza wamiliki kuanza kutoa vyombo majini mapema.” Ya nne, kwa Kiingereza tena, inasema vyombo vya abiria na mizigo vitaendelea na safari alimradi visibebe zana za uvuvi. Mwisho kuna mstari mmoja wa Kiswahili: “Safari hii hatutarajii visingizio.”

Mtu mwenye haraka atafupisha hivi: “Ziwa linafungwa 15 Mei. Orodha ya vyombo iletwe Ijumaa saa 10. Vyombo vyote vitolewe majini mapema.” Ni muhtasari mfupi na unaeleweka vizuri, lakini umeharibu dokezo mahali pengi.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayoumiza haraka kuliko yote. Saa 10:00 iliyo ndani ya sentensi ya Kiingereza ni saa 4 asubuhi. Ikihamishwa ilivyo kwenye sentensi ya Kiswahili inageuka saa 10 jioni, na mpeleka orodha atafika akiwa amechelewa saa sita nzima bila kujua kosa lake. Kwa hiyo kila unapokuta saa, angalia kwanza imekaa katika lugha gani, kisha iandike kwa hesabu ya Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Usiiache tarakimu peke yake. Na ikiwa dokezo limeandika saa ya Kizungu ndani ya sentensi ya Kiswahili, jambo linalotokea sana, usibahatishe. Mpigie simu aliyeliandika.

Baada ya saa njoo kwenye vitenzi. Kiswahili cha ofisi kina ngazi ambazo kila mtendaji anazijua hata kama hajawahi kuzipanga: unajulishwa, unakumbushwa, unashauriwa, unaombwa, unaelekezwa, unaagizwa. Kiingereza nacho kina vitenzi saidizi vyake, kimoja cha lazima, kingine cha “inafaa”, kingine cha ruhusa. Anayefupisha kwa haraka huviangusha vyote kwenye umbo moja: iletwe, vitolewe, wafike. Hapo ombi na amri huwa kitu kimoja. Katika mfano wetu ofisi imeagiza orodha lakini imeomba juu ya vyombo. Mwenye mtumbwi aliyepanga kuvua hadi tarehe 14 hajavunja neno lolote la dokezo, ila muhtasari ule umemfanya mkosaji, na ugomvi wake na BMU utakuwa umezaliwa na mfupishaji.

Njia nyepesi ya kujilinda ni kuchukua kalamu kabla hujafupisha lolote, upigie mstari kila kitenzi cha agizo au ombi katika lugha zote mbili, na pembeni uandike moja kati ya maneno haya matatu: lazima, ombi, ruhusa. Unapoandika muhtasari, neno hilo la pembeni ndilo linalokuchagulia kitenzi.

Ruhusa ndiyo hupotea zaidi, hasa ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza na imefichwa katikati. Neno “vyombo vyote” katika muhtasari mbovu limemeza aya ya nne nzima. Kwenye mwambao ambako mashua ndiyo njia ya watu wengi kufika vijiji vingine, kumwambia mwenye mashua ya abiria kwamba naye aitoe majini si kosa dogo. Tafuta maneno ya “isipokuwa”, “alimradi” na “endapo” katika lugha zote mbili, na uhakikishe kila moja limeingia kwenye muhtasari wako pamoja na sharti lake. Ruhusa isiyo na sharti lake nayo ni uongo: mashua zinaruhusiwa, lakini bila nyavu ndani.

Sasa sauti. Dokezo hili linapoza mwanzoni na kuonya mwishoni, na yote mawili yako kwa Kiswahili, huku sharti na mipaka vikikaa kwenye Kiingereza. Si kila mwandishi huchanganya kwa mpango huo. Wengine hubadili lugha kwa mazoea tu, au kwa kunakili aya kutoka barua ya juu. Hata hivyo jiulize kila lugha inapobadilika: hapa anazungumza na watu, au ananukuu utaratibu? Pale anapozungumza na watu, acha maneno yake mwenyewe yabaki, angalau sentensi moja, ndani ya alama za kunukuu. “Hatutarajii visingizio” ukiigeuza kuwa “ofisi inasisitiza utekelezaji” umeizima. Ukiiacha bila ile shukrani ya mwanzo, ofisi itaonekana imekuja na rungu tu.

Usijitese pia kusafisha kila neno la kigeni. Jina rasmi la BMU kwa Kiswahili ni refu na mwaloni wengi hawalitumii. Andika BMU, wataelewa.

Muhtasari wetu basi unaweza kuwa hivi: “Ofisi inatambua ugumu wa kipindi hiki na inashukuru kwa ushirikiano. Uvuvi unasimama 15 Mei hadi 15 Agosti. Ni lazima orodha ya vyombo vya uvuvi, yenye sahihi ya mtendaji na ya mwenyekiti wa BMU, ifike Ijumaa 10 Mei saa 4 asubuhi. Wamiliki wanaombwa kuanza kutoa vyombo vyao majini mapema. Mashua za abiria na mizigo zitaendelea, alimradi zisibebe zana za uvuvi. Ofisi inaonya: ‘Safari hii hatutarajii visingizio.’”

Kabla ya kuutuma, msomee mtu ambaye hajaona dokezo, kisha umuulize: nani anatakiwa kufanya nini, lini, na nani hahusiki? Akikosea jibu, rekebisha sentensi ile iliyompotosha, usimweleze kwa mdomo. Wasomaji wengine hutakuwa nao kuwaeleza.