Taarifa ya Mkutano Mkuu wa Mwaka: Siku, Ajenda na Uwakilishi

Mkutano mkuu wa mwaka ni kikao ambacho wenye kampuni hupokea hesabu zilizokaguliwa, huamua kuhusu gawio na huchagua wakurugenzi na mkaguzi wa hesabu. Sheria ya Kampuni ya Tanzania, Sura ya 212, hutaka ufanyike kila mwaka, bila kupita zaidi ya miezi 15 tangu mkutano wa mwaka uliotangulia. Kikao hicho huitishwa kwa taarifa, yaani waraka wa maandishi unaopelekwa kwa kila mwenye haki ya kuhudhuria, na mgogoro unaoibuka baada ya mkutano mara nyingi huanzia katika waraka huo kuliko katika yaliyosemwa ukumbini.

Taarifa ya mkutano wa mwaka wa kampuni hutolewa siku zisizopungua 21 kabla ya mkutano, na kosa linalojirudia katika ofisi za makatibu wa kampuni ni la kuzihesabu siku hizo. Desturi iliyo salama, ambayo katiba nyingi za kampuni huitamka wazi, ni kuhesabu siku kamili, yaani kutoihesabu siku ambayo taarifa inahesabiwa kuwa imemfikia mwanahisa wala siku ya mkutano wenyewe. Kwa mfano, kampuni ikitaka kukutana Jumamosi, tarehe 23 Mei 2026, saa 3:00 asubuhi, siku 21 kamili zitaanza tarehe 2 Mei na kuishia tarehe 22 Mei, kwa hiyo taarifa inapaswa kuwa imewafikia wanahisa ifikapo tarehe 1 Mei. Siku hiyo ni Mei Mosi, ambayo ni sikukuu, na katibu mwangalifu hurudi nyuma hadi tarehe 30 Aprili. Ikiwa katiba inasema kwamba barua huhesabiwa kupokelewa saa 48 baada ya kutiwa posta, barua hizo zitiwe posta tarehe 28 Aprili. Katibu anayehesabu majuma matatu kwenye kalenda na kuzipeleka posta tarehe 2 Mei huwa ameitisha mkutano ambao maazimio yake yanaweza kupingwa, hata kama ukumbi ulijaa.

Kuhusu mahali, taarifa hutaja ukumbi, mji, tarehe na saa, na pale katiba inaporuhusu kuhudhuria kwa mtandao, hueleza pia jinsi ya kujiandikisha na namna kura zitakavyopigwa. Mahali si jambo dogo. Benki ya CRDB, ambayo makao yake makuu yapo Dar es Salaam, imekuwa na mazoea ya kukutana na wanahisa wake Arusha, na kwa mwanahisa wa Mtwara au Kigoma nauli na malazi vinaweza kuzidi gawio lake lote.

Ajenda ndiyo sehemu inayostahili kusomwa polepole zaidi. Vipengele vya kawaida hufuatana karibu kwa mpangilio uleule kila mwaka: kufungua mkutano, kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya wakurugenzi na hesabu zilizokaguliwa, gawio, uchaguzi wa wakurugenzi, uteuzi wa mkaguzi wa hesabu na malipo yake. Kipengele kilichoandikwa “gawio” peke yake hakimsaidii mwanahisa, kwa kuwa anahitaji kujua ni shilingi ngapi kwa hisa moja na ni tarehe gani daftari la wanahisa litafungwa ili kubaini wanaostahili kulipwa. Mabadiliko ya katiba ya kampuni huhitaji azimio maalumu, yaani azimio linaloungwa mkono na robo tatu ya kura zilizopigwa, na taarifa sharti iseme kwamba azimio hilo linakusudiwa kupitishwa kama azimio maalumu na ioneshe maneno yake. Kuandika tu “marekebisho ya katiba” hakutoshi, kwani asiyehudhuria hana njia ya kujua anachokikosa. Kwa sababu hiyohiyo kipengele cha “mengineyo”, kinachopendwa sana na wenyeviti, kinafaa kwa maswali na matangazo, lakini si mahali pa kupitisha jambo zito ambalo halikutajwa.

Asiyeweza kusafiri ana haki ya kumteua mwakilishi, yaani mtu anayehudhuria na kupiga kura kwa niaba yake, na mtu huyo si lazima awe mwanahisa. Taarifa ya mkutano wa kampuni yenye hisa hutakiwa kuitaja haki hiyo waziwazi. Fomu ya uwakilishi hubeba jina la mwanahisa, idadi ya hisa, jina la mwakilishi, sahihi na tarehe, na iliyoandaliwa vizuri huwa na nafasi ya “ndiyo” na “hapana” mbele ya kila azimio. Nafasi hizo zikiachwa wazi, mwakilishi hupiga kura anavyoona mwenyewe, na kwa kuwa fomu nyingi humtaja mwenyekiti wa mkutano kuwa mwakilishi endapo jina jingine halikujazwa, mwanahisa anayetia sahihi tu huwa amemkabidhi mwenyekiti kura zake zote.

Kampuni inaweza kudai fomu ifike mapema, lakini sheria haiiruhusu idai zaidi ya saa 48 kabla ya mkutano. Katika mfano uliotajwa, mwisho ni saa 3:00 asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21 Mei. Fomu nyingi hukataliwa kwa sababu ndogo: sahihi haifanani na iliyomo katika kumbukumbu, tarehe haikuandikwa, au mmoja tu wa wenye hisa za pamoja ametia sahihi wakati katiba inadai wote. Tofauti nyingine hujitokeza siku ya kupiga kura. Kura ya kunyoosha mikono huhesabu watu, na isipokuwa katiba imesema vinginevyo, mwakilishi hashiriki kura hiyo, ilhali katika kura ya karatasi, ambayo huhesabu hisa, hushiriki kikamilifu. Mwenye hisa 40,000 aliyetuma mwakilishi anaweza hivyo asisikike kabisa mpaka kura ya karatasi idaiwe, na wakili yeyote mwenye uzoefu hulitazama jambo hili katika katiba kabla ya jambo lingine lolote.

Katika ushirika mambo hubadilika, kwa kuwa kura hufuata mwanachama, si hisa. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa 5 au 500, na ndiyo maana fomu ya uwakilishi ya kampuni haipaswi kunakiliwa na kutumiwa na AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, au SACCOS, chama cha akiba na mikopo, bila kwanza kuangalia masharti ya chama husika. Vyama vikuu, kama KNCU ya Kilimanjaro iliyoanzishwa mwaka 1933, hukutana kupitia wajumbe waliochaguliwa na vyama vya msingi, na mjumbe wa aina hiyo hapati nafasi yake kwa fomu ya mwanachama mmoja mmoja. Muda wa taarifa nao si lazima ulingane na wa kampuni: nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya ushirika imezoea kudai siku 15, wakati sheria ya kampuni hudai 21.

Pande hizi mbili hukutana pale chama cha ushirika kinapomiliki hisa katika kampuni. Chama hakina mwili wa kuketi ukumbini, hivyo bodi yake hupitisha azimio la kumtaja mtu mmoja kuwa msemaji wake, na mtu huyo hufika na nakala ya azimio iliyothibitishwa kwa sahihi na muhuri. Mwenyekiti wa chama anayefika mlangoni akitegemea cheo chake tu, bila karatasi hiyo, anaweza kuketishwa pamoja na wageni waalikwa, huku kura za chama zikibaki bila wa kuzipiga.